Historia ya Namba Tasa katika Kutunza Siri za Malipo

Mkazi wa Nkuhungu, kata iliyo katika Jiji la Dodoma, apatapo ankara ya maji hupewa namba ya kumbukumbu ya malipo, ambayo watu wengi huiita kontroo namba. Huiandika namba hiyo katika simu yake, hutia kiasi cha fedha, na baada ya muda mfupi deni lake hufutika. Kabla ya hapo ankara imekwisha kusafiri kutoka kwa Mamlaka ya Majisafi na Usafi wa Mazingira Dodoma hadi katika mfumo wa malipo ya Serikali uitwao GePG, ulioanza kazi mwaka 2017. Hakuna karani aliyetazama barua wala muhuri. Basi, mfumo hujuaje ya kuwa ankara imetoka kweli kwa Mamlaka, na ya kuwa haikubadilishwa njiani? Hujua kwa sababu kila ujumbe hutiwa sahihi ya hesabu, ya namna iitwayo RSA, na hesabu hiyo imejengwa juu ya namba tasa.

Namba tasa ni namba iliyo kubwa kuliko 1, nayo haigawanyiki bila baki ila kwa 1 na kwa yenyewe: 2, 3, 5, 7, 11, 13 na kuendelea. Jina lenyewe lastahili kutazamwa. Maneno shufwa na witiri yametoka katika Kiarabu, lakini kwa namba hizi Kiswahili hakikufuata Kiarabu, ambacho huziita namba za kwanza, kama Kilatini kinavyoziita. Kiswahili kilichukua neno la asiyezaa, na maana yake yafahamika, kwa kuwa namba hizi hazivunjiki zikatoa namba nyingine. Hata hivyo mfano huo wakosea kwa upande mmoja. Namba zote nyingine zimezaliwa na hizi tasa kwa kuzidishana: 12 ni 2 × 2 × 3, wala hakuna namba tasa nyingine ziwezazo kuizaa.

Euklidi alithibitisha yapata mwaka 300 kabla ya Kristo kwamba namba tasa hazina mwisho. Kwa zaidi ya miaka elfu mbili baada yake zilikuwa elimu ya kupendwa kwa ajili yake yenyewe. Mwingereza G. H. Hardy, katika kitabu alichokitoa mwaka 1940, aliona faraja kwamba elimu ya namba haikuwa na matumizi katika vita. Alikuwa amekosea, naye alifariki mwaka 1947 kabla ya kujua.

Tatizo la siri lilikuwa hili. Tangu zamani watu wawili waliotaka kuandikiana kwa fumbo walilazimika kwanza kukutana, au kumtuma tarishi mwaminifu, ili wapatane ufunguo mmoja. Mwaka 1976 Whitfield Diffie na Martin Hellman walieleza hadharani kwamba yawezekana ufunguo wa kufungia ukatangazwa kwa watu wote, na ule wa kufungulia ukabaki siri ya mmoja. Mwaka uliofuata Rivest, Shamir na Adleman, huko Marekani, walipata njia ya kulitimiza jambo hilo, na herufi RSA ni za majina yao. Haki kamili yadai kusema kwamba Clifford Cocks, mtumishi wa idara ya mawasiliano ya siri ya Uingereza, alikuwa ameipata njia hiyo mwaka 1973. Lakini kazi yake ilifichwa hadi mwaka 1997.

Njia yenyewe yaweza kuonyeshwa kwa namba ndogo. Chukua namba tasa mbili, 5 na 11, uzizidishe: 55. Punguza moja katika kila moja, upate 4 na 10, na zao lake ni 40. Sasa teua 3 iwe ufunguo wa wazi, utafute namba ambayo ikizidishwa kwa 3 kisha ikagawanywa kwa 40, baki ni 1. Namba hiyo ni 27, kwa kuwa 81 ni 40 mara mbili na moja juu. Watu wote watangaziwe 55 na 3, 27 ifichwe.

Sasa tuseme muhtasari wa ankara ni 8. Mwenye siri huikuza 8 kwa kipeo cha 27, kila mara akitupa sehemu zote za 55 na kushika baki tu. Kwa kuwa 27 ni 3 × 3 × 3, yatosha kuikuza kwa kipeo cha tatu mara tatu. Kwanza 512, baki 17; kisha 17 huwa 4913, baki 18; na 18 huwa 5832, baki 2. Sahihi ni 2, nayo huambatishwa na ankara. Apokeaye huchukua 2, huikuza kwa kipeo cha tatu kilichotangazwa, hupata 8, huona yalingana na ankara. Mwizi akibadili kiasi cha fedha, muhtasari huwa namba nyingine, kwa mfano 9, lakini sahihi bado yasema 8, na ujumbe hukataliwa. Kufunga siri ni hesabu hiyo hiyo iliyogeuzwa: mtumaji hutumia ufunguo wa wazi, na mwenye 27 peke yake hufungua.

Mtoto wa shule aweza kuipasua 55 akapata 5 na 11, na kwa hizo akaipata 27. Ulinzi wote umo katika ukubwa. Mwaka 1977 wavumbuzi walitoa changamoto ya namba yenye tarakimu 129. Ilipasuliwa mwezi Aprili 1994 na watu wapatao 600 waliounganisha kompyuta zao kwa muda wa miezi minane. Funguo zinazotumika sana leo zina tarakimu 617. Kuzidisha namba mbili kubwa ni kazi ya kufumba na kufumbua, lakini njia ya upesi ya kuzirudia haijajulikana kwa kompyuta za kawaida.

Lakini ukubwa hausaidii iwapo namba hazikuteuliwa kwa bahati nasibu ya kweli. Mwaka 2012 wachunguzi waligundua vifaa vingi vya mtandao vilivyokuwa vimeshirikiana namba tasa moja bila kujua. Tuseme mmoja ametangaza 55 na mwingine 187. Hapana haja ya kupasua. Toa 55 katika 187 mara tatu, wabaki 22. Toa 22 katika 55 mara mbili, wabaki 11. Na 22 yagawanyika kwa 11 bila baki. Funguo zote mbili zimefunguka. Kanuni hiyo ya kutafuta kigawo cha shirika ni ya Euklidi yule yule.

Wala isidhaniwe kwamba namba tasa hulinda kila hatua. Mtu apigaye *150*00# kwa M-Pesa hapo Nkuhungu hulindwa, kati ya simu yake na mnara, kwa fumbo la namna nyingine, lenye ufunguo mmoja uliomo katika laini. Na ujumbe mashuhuri wa matapeli, usemao ile hela itumwe kwenye namba hii, haupasui fumbo lolote: mwenye fedha huituma mwenyewe, na sahihi zote ni halali.

Mwaka ule ule wa 1994 Peter Shor alionyesha kwamba kompyuta ya namna mpya, ya kwanta, ikijengwa kubwa ya kutosha, itapasua namba hizo upesi. Kwa sababu hiyo, mwezi Agosti 2024, taasisi ya viwango ya Marekani ilitangaza njia nyingine zisizotegemea ugumu wa kupasua. Moja yao, ya kupatana ufunguo, hufanya hesabu zake kuu kwa kushika baki baada ya kugawanya kwa 3329, ambayo nayo ni namba tasa.