Hati Inayoridhisha Yaweza Kubeba Onyo

Muhtasari wa taarifa za fedha kwa mjumbe wa bodi asiye mhasibu huanza na ukwasi: mali za muda mfupi hugawanywa kwa madeni yanayopaswa kulipwa ndani ya miezi 12. Kwa mfano, mamlaka ya maji yenye mali hizo za shilingi milioni 600 na madeni ya milioni 900 ina uwiano wa 0.67, ikiwa mwaka uliotangulia ulikuwa 1.1, hali imeshuka. Huwa mbaya zaidi iwapo milioni 450 kati ya mali hizo ni ankara ambazo wateja hawajalipa.

Kisha husomwa ripoti ya mkaguzi. Hati inayoridhisha haizuii kuwapo kwa aya inayotaja shaka kubwa kuhusu uwezo wa taasisi kuendelea na shughuli zake. Aya hiyo iwekwe ukurasa wa kwanza wa muhtasari.