Kiebrania kilipopigiwa kura

Leo nataka tuangalie swali lililowagawa Wayahudi wa Ujerumani: je, ni lazima Myahudi amwombe Mungu kwa Kiebrania?

Ufaransa iliwapa Wayahudi wake uraia kamili mwaka 1791. Katika majimbo ya Ujerumani haki hizo zilitolewa kwa kupimwapimwa, na wapinzani walidai kwamba anayeomba kurejea Yerusalemu hawezi kuwa Mjerumani halisi. Ndiyo maana wanamageuzi walianza na kitabu cha sala. Hekalu lao la Hamburg, lililofunguliwa 1818, lilikuwa na kinanda, mahubiri ya Kijerumani, hata baadhi ya sala kwa lugha hiyo. Marabi wa jadi wakajibu mwaka uliofuata kwa kitabu kizima cha kulilaani.

Julai 1845 marabi wanamageuzi walikutana Frankfurt. Abraham Geiger alikiri kwamba sala ya Kijerumani ilimgusa zaidi, kwani ndiyo lugha ya hisia zake za ndani. Kura zikapigwa: Kiebrania si cha lazima, japo kibakizwe kwa sasa. Zacharias Frankel, rabi wa Dresden, hakupinga mageuzi yote, lakini hilo lilimshinda. Akajiondoa.

Sasa tusidhani Waothodoksi wote walikikimbia Kijerumani. La hasha! Samson Raphael Hirsch, aliyefika Frankfurt hiyo hiyo 1851, alihubiri kwa Kijerumani fasaha, ila sala hakuigusa. Huko Hungaria, marabi waliokutana Michalovce 1865 walipiga marufuku hata mahubiri kama yake.