Mashine ya kahawa ikitoa kwa kusuasua: siki au ndimu ya unga?

Maji mengi ya visima vya Machakos ni magumu. Yakichemka ndani ya mashine ya kahawa, chokaa yake huganda kwenye mrija wa kupashia moto. Njia ikisinyaa, pampu hunguruma kwa nguvu na kahawa hudondoka tone tone. Kipande cha ukoko kikibanduka kikanasa kwenye vali, maji hukatika.

Tuseme kikombe kilichojaa kwa nusu dakika sasa chachukua mbili. Kwanza pitisha maji matupu, bila kahawa. Yakitiririka vizuri, chokaa haina kosa. Kahawa imesagwa laini mno.

Siki nyeupe, nusu kwa nusu na maji, huyeyusha ukoko, ila harufu yake haitoki upesi. Bora ndimu ya unga: gramu 30, kama vijiko viwili vya chakula, kwa lita ya maji baridi. Katika maji ya moto sana huacha mashapo meupe yanayoziba upya. Pitisha kikombe kimoja, zima mashine dakika 20, pitisha yaliyobaki, kisha suuza kwa matangi mawili ya maji safi. Pima tena muda wa kikombe.

Pampu ikinguruma bila kutoa hata tone, dawa haifiki kwenye ukoko. Hapo ni kazi ya fundi kuifungua.