Kubatilisha si kufuta

Kata ya Kapalamsenga haijahama, lakini anwani yake imebadilika. Hadi mwaka 2012 ilikuwa mkoa wa Rukwa, kisha ukazaliwa mkoa wa Katavi. Halmashauri yake nayo ilikuwa ya Wilaya ya Mpanda. Leo inaitwa Tanganyika. Kwa anayetunza kanzidata, hapo kuna jambo la kuangalia: jina la wilaya lilipobadilika, safu ya Kapalamsenga katika jedwali la kata haikuguswa hata herufi moja. Kilichobadilika ni safu moja tu katika jedwali la wilaya.

Tuchukue mfumo unaochapa anwani kwenye fomu na risiti. Kila anwani huunganishwa kutoka majedwali matatu: kata, wilaya na mkoa. Maombi yakiwa mengi, kanzidata huchoka kwa kurudia kazi ileile. Ndipo Redis huwekwa mbele yake. Redis, iliyotolewa mwaka 2009 na Mwitaliano Salvatore Sanfilippo, hutunza data kwenye kumbukumbu ya kompyuta badala ya kuisoma diski kila mara, na kila kitu huitwa kwa ufunguo wake. Programu huuliza Redis kwanza. Ikikosa, huenda kwenye kanzidata, kisha huacha nakala Redis kwa ajili ya atakayefuata. Nakala hizo ndizo kache, na neno hilo limeshazoeleka kiasi kwamba sioni haja ya kulitafutia jingine.

Tatizo ni pale nakala inapopitwa na ukweli. Mafundi wengi husema “futa kache,” na mara nyingi ndicho wanachofanya:

```
UPDATE wilaya SET jina = 'Tanganyika' WHERE id = 12;
COMMIT;
```

```
DEL wilaya:12
```

Namba hizi ni za mfano. Ufunguo wa wilaya umefutwa sawasawa, lakini nakala iliyo chini ya `anwani:407`, ya Kapalamsenga, ingali inasema Mpanda. Safu moja ilikuwa imezaa nakala nyingi, na aliyeandika `DEL` alikumbuka moja tu.

Hata angezikumbuka zote, kuna mwanya mwingine. Msomaji mmoja anakosa nakala Redis, anasoma kanzidata na kupata “Mpanda”, halafu mtandao unamkwamisha kidogo. Katikati hapo mwandishi anabadilisha jina, anakamilisha muamala, anafuta funguo zote. Sasa msomaji anazinduka na kuiandika Redis ile “Mpanda” aliyokuwa ameishika. Ufutaji ulifanyika kwa utaratibu, na uongo umerudi palepale.

Ndiyo maana nashikilia kitenzi *kubatilisha*. Hati ya ardhi ikibatilishwa, karatasi yaweza kubaki kabatini. Kilichoondoka ni nguvu yake. Kwenye Redis tunaweza kufanya vivyo hivyo kwa kutia namba ya toleo ndani ya ufunguo:

```
GET toleo:maeneo
GET anwani:7:407
SET anwani:7:407 "Kapalamsenga, Mpanda, Katavi" EX 600
```

Msomaji huchukua toleo kwanza, tuseme 7, kisha hutafuta anwani ya toleo hilo. Akiikosa, husoma kanzidata na kuandika chini ya toleo lilelile alilochukua mwanzoni. Mwandishi naye, baada ya `COMMIT`, hutoa amri moja tu, `INCR toleo:maeneo`. Toleo linakuwa 8, na anwani zote za toleo la 7 zimebatilika kwa mpigo bila kufutwa hata moja. Yule msomaji aliyekwama ataandika “Mpanda” chini ya 7, mahali ambapo wanaokuja baadaye hawapiti tena. `EX 600` itaiondoa baada ya dakika kumi.

Mpangilio hauna msalie mtume. `INCR` ikitangulia `COMMIT`, msomaji atapata toleo la 8, atasoma safu ya zamani na kuihifadhi kama mpya. Seva ikizimika kati ya amri hizo mbili, toleo litabaki 7 na uongo utaishi hadi muda wa nakala uishe; ile `EX` basi ni kinga, si pambo. Na kama `maxmemory-policy` ni `allkeys-lru`, Redis ikijaa inaweza kuitupa hata namba ya toleo yenyewe. `volatile-lru` hutupa funguo zenye muda wa kuisha pekee, kwa hiyo toleo, lisilo na muda, husalia.

Gharama yake ni kwamba kubadili jina la wilaya moja hubatilisha anwani za nchi nzima, na kwa muda mfupi kanzidata hulemewa na wanaouliza upya. Kwa majina ya maeneo, yanayobadilika kwa nadra, naona bei hiyo ni nafuu. Kwa salio la akaunti, linalobadilika kila dakika, nisingethubutu.

Mtu akilalamika kwamba fomu bado inasema Mpanda, linganisha `GET` ya ufunguo na `SELECT` ya kanzidata, kisha uulize `TTL anwani:8:407`. Jibu la -2 maana yake ufunguo haupo, kwa hiyo kosa litafutwe kwingine. Jibu la -1 maana yake kuna aliyeandika nakala bila muda wa kuisha, nayo haitaondoka yenyewe.