Sehemu zenye thamani sawa: robo tatu, karati 18 na alama ya 750

Ubaoni mada hii mara nyingi huandikwa kwa kifupi: sehemu sawa. Tatizo la jina hilo ni kwamba mwanafunzi ameshalisikia likiwa na maana nyingine. Tangu madarasa ya chini ameambiwa agawanye mduara katika sehemu sawa nne, yaani vipande vinne vya ukubwa mmoja. Anapofika darasa la nne au la tano anaelezwa kuwa 1/2 na 2/4 ni sehemu sawa, naye akitazama picha anaona kipande kimoja kikubwa na vipande viwili vidogo. Akisema si sawa, anafuata maana aliyofundishwa. Ndiyo maana napendelea tuseme kwa ukamilifu, sehemu zenye thamani sawa, kwa kuwa hapo tumetaja kinacholingana. Ukubwa wa vipande haulingani, na idadi yake hailingani. Kinacholingana ni thamani ya sehemu nzima.

Sehemu ina namba mbili. Ya juu ni kiasi, nayo hutaja vipande vilivyochukuliwa. Ya chini ni asili, nayo hutaja kitu kizima kimegawanywa katika vipande vingapi. Sehemu mbili zina thamani sawa pale ambapo kiasi na asili zimebadilika lakini urefu unaotajwa, wa kitu kile kile, umebaki ule ule.

Wanafunzi wengi wa darasa la tano na la sita hawakosi kanuni. Wanaikariri vizuri sana: zidisha juu na chini kwa namba ile ile. Kwa mazoezi ya kujaza kisanduku kanuni hiyo inatosha, na alama zinapatikana, kwa hiyo ni rahisi kuamini kwamba mada imeeleweka. Kasoro hujitokeza swali likibadilika kidogo. Mwanafunzi huikumbuka kanuni kama “unachofanya juu, fanya na chini”, kisha anajumlisha 1 juu na 1 chini, na 1/2 inageuka 2/3. Mwingine anapewa 12/24, anakata 2 ya juu na 2 ya chini kwa sababu zinafanana, anabaki na 1/4. Wa tatu anajumlisha 1/2 na 1/3 anapata 2/5, jibu lililo dogo kuliko nusu aliyoanza nayo, wala hashtuki. Wote watatu wanazishughulikia tarakimu bila kuwa na urefu wowote akilini wa kuwaambia kwamba wamepotea.

Urefu huo unaweza kutengenezwa kwa karatasi. Chukua manila, au boksi lolote jembamba, ukate kanda zenye urefu wa sentimita 24 na upana wa sentimita 3. Sikuchagua 24 kwa kubahatisha. Inagawanyika kwa 2, 3, 4, 6, 8 na 12 bila desimali, hivyo rula ya kawaida inatosha: nusu ni sentimita 12, theluthi ni 8, robo ni 6, sehemu ya sita ni 4, sehemu ya nane ni 3, na sehemu ya kumi na mbili ni 2. Humusi na sehemu ya kumi hazitoki vizuri hapa. Kwa hizo kata seti nyingine ya sentimita 20, na usichanganye seti hizo mbili. Nusu ya ukanda mfupi na nusu ya ukanda mrefu haziwezi kulinganishwa, kwa sababu kizima si kimoja. Kosa hilo hutokea sana pale kila kikundi kinapokata kanda zake bila kupima.

Ukanda mmoja uachwe mzima. Nyingine zigawanywe kwa kukunja inapowezekana: nusu, robo, sehemu za nane. Theluthi hukunjwa kwa shida, kwa hiyo ipimwe kwa rula. Kisha mwanafunzi apake rangi robo tatu za ukanda wa robo. Rangi itaishia sentimita 18. Sasa kila robo aigawanye katika vipande sita kwa mistari ya penseli, bila kugusa rangi. Ukanda mzima umekuwa na vipande 24, na vilivyo na rangi ni 18. Hapo ndipo kanuni inapozaliwa mbele ya macho yake. Vipande vyote vimezidishwa kwa 6 kwa sababu kila robo imekatwa vipande sita, na vilivyopakwa rangi vimezidishwa kwa 6 kwa sababu hiyo hiyo. Rangi haikuongezeka hata kidogo. Kwa hiyo 3/4 na 18/24 ni urefu mmoja. Kupunguza namba juu na chini kwa kugawanya ni kufuta mistari ile ya penseli.

Kanda hizi zinasahihisha makosa ya mwanzo bila maelezo marefu. Anayesema 1/2 ni sawa na 2/3 aweke kanda mbili sambamba: moja inafika sentimita 12, nyingine 16. Aliyekata tarakimu katika 12/24 atakuta vipande vyake 12 vinafika sentimita 12, ilhali robo inaishia 6. Na anayetazama kiasi peke yake, akadai 3/8 ni kubwa kuliko 2/4 kwa kuwa 3 imeizidi 2, ataona 9 dhidi ya 12.

Hata hivyo ukanda una mpaka wake, na hapo ndipo mstari wa namba unapohitajika. Mtoto anayefanya kazi na kanda tu huendelea kuiona 3/4 kama vipande vitatu vya karatasi. Haioni kuwa ni namba iliyo kati ya 0 na 1, yenye mahali pake kama 7 ilivyo na mahali pake kati ya 6 na 8. Basi laza ukanda juu ya mstari, 0 kwenye ncha ya kushoto na 1 kwenye ncha ya kulia, uhamishe mikunjo iwe alama. Juu ya mstari andika robo, chini yake andika sehemu za nane. 3/4 na 6/8 zitaangukia nukta moja. Nukta ni moja, ila imeandikwa kwa namna mbili.

Kosa la mstari wa namba lina dalili yake. Mwanafunzi akitakiwa kuonyesha robo, anachora alama nne akihesabu ile ya 0 na ile ya 1, na anapata nafasi tatu. Kilichochorwa ni theluthi. Mwambie aweke kidole kwenye 0 na ahesabu miruko, asihesabu alama. Miruko minne ikimfikisha kwenye 1, amegawanya robo sawasawa. Urefushe mstari hadi 2, sentimita 48 ukutani, kisha umwombe aonyeshe 5/4. Anayeiweka kabla ya 1 bado anafikiri kwamba vipande vyote anavyoviona ndivyo kizima.

Shinyanga na Geita zina mfano wa sehemu zenye thamani sawa ambao ningeutumia kabla ya ule wa chungwa na mkate. Mtoto wa Nyarugusu, Katoro au Kahama husikia watu wazima wakitaja karati za dhahabu. Karati ya dhahabu ni sehemu ambayo asili yake haitamkwi: siku zote ni 24. Dhahabu ya karati 18 ni 18/24, yaani katika kila gramu 24 za pete hiyo, gramu 18 ni dhahabu na gramu 6 ni metali nyingine, kama shaba au fedha. Ukanda wetu wa sentimita 24 unakuwa kipimo cha karati, kila sentimita karati moja, ingawa inafaa kuwaambia wanafunzi kuwa kinachogawanywa kwenye pete ni uzito. Karati 12 ni nusu. Karati 16 ni theluthi mbili. Karati 18 ni robo tatu. Karati 22 ni 22/24, sawa na 11/12.

Tahadhari moja kwa walimu wa Shinyanga, hasa jirani na Mwadui: karati ya almasi ni kitu kingine kabisa. Hiyo ni kipimo cha uzito, gramu 0.2. Almasi ya waridi iliyotoka mgodi wa Mwadui na kupewa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza mwaka 1947 ilikuwa na karati 54.5 kabla ya kuchongwa, karibu gramu 11. Mwanafunzi atakayeiandika 54.5/24 hana kosa la hesabu, amechanganya vipimo.

Sasa turudi kwenye pete ya karati 18. Nyingi hugongwa muhuri wa 750, maana yake 750/1000. Mpe mwanafunzi wa darasa la sita swali hili: je, 18/24 na 750/1000 zina thamani sawa? Anayetegemea kanuni peke yake anatafuta namba ya kuzidisha 24 ili apate 1000, anaikosa, anajibu hapana. Hakuna namba nzima ya namna hiyo. Inabidi ashuke kwanza: 18/24 agawanye juu na chini kwa 6 apate 3/4, kisha apande kwa 250 afike 750/1000. Kwenye mstari wa namba mambo ni mepesi, zote tatu ziko kwenye nukta moja, robo tatu ya njia kutoka 0 hadi 1. Swali hili linatenganisha aliyeelewa na aliyekariri kuliko visanduku ishirini vya kujaza.

Karati 22 inafundisha jambo la pili. Muhuri wake wa kawaida ni 916. Je, 11/12 ni sawa na 916/1000? Zidisha kwa mshazari: 11 mara 1000 ni 11,000, na 12 mara 916 ni 10,992. Hazilingani. 916 ni makadirio, kwa kuwa 1000 haigawanyiki kwa 12 na tarakimu zingeendelea bila kikomo, 916.666. Kwenye mstari wa darasani nukta hizo mbili hazitofautiki kwa macho, na hapo mwanafunzi ajue kwamba mchoro unaonyesha sababu, lakini uthibitisho wa mwisho ni hesabu. Nukta zinazokaribiana hazijawa nukta moja.

Kwa hiyo nawaomba walimu wa darasa la nne hadi la sita wafanye mambo mawili. Ubaoni waandike sehemu zenye thamani sawa, na “sehemu sawa” ibaki kwa vipande vya ukubwa mmoja. Na kanuni ya kuzidisha juu na chini itajwe baada ya wanafunzi kuigawa robo ya ukanda kwa penseli na kuona rangi imeishia pale pale, sentimita 18.