Mashahidi Watatu wa Mbinguni

Watu wawili wakikaa pamoja kusoma Waraka wa Kwanza wa Yohana, sura ya 5, mmoja akiwa na Biblia ya Habari Njema na mwenzake akiwa na tafsiri ya zamani, huenda wakafika mstari wa 7 na wa 8 wakasimama. Kwa mmoja mashahidi ni watatu tu: Roho, maji na damu. Kwa mwingine ni makundi mawili, kwa sababu kabla ya hao watatu wa duniani wanatajwa watatu wa mbinguni, yaani Baba, Neno na Roho Mtakatifu, na inaelezwa kwamba wao ni umoja. Tena yako machapisho yanayoyatia maneno hayo ya mbinguni ndani ya mabano. Anayeona hivyo kwa mara ya kwanza hudhani kuna mkono uliofuta. Ukweli ni kinyume chake: kuna mkono ulioongeza, na safari yake inaweza kufuatwa.

Waraka uliandikwa kwa Kigiriki. Zimebaki nakala za mkono za Kigiriki mamia kadhaa zenye sura hiyo, na zile kongwe zinazoheshimiwa kuliko zote, Vatikano na Sinai za karne ya 4 na ile ya Aleksandria ya karne ya 5, hazina mashahidi wa mbinguni. Nakala za Kigiriki zilizo nao ndani ya maandishi yenyewe ni chache mno, za kuhesabu kwa vidole, na hakuna hata moja iliyotangulia karne ya 14. Ziko nyingine ambazo maneno hayo yamo pambizoni tu, kwa mwandiko wa mtu wa baadaye. Moja iliyopo Oxford ilinakiliwa karne ya 10, lakini nyongeza ya pembeni ni ya karne nyingi baada ya hapo.

Kuna kimya kingine kinachonigusa zaidi ya hicho. Katika karne ya 4, kabla na baada ya Mtaguso wa Nikea wa mwaka 325, maaskofu waliotumia Kigiriki walibishana kwa miaka mingi kuhusu Baba na Mwana, kila upande ukichambua Maandiko neno kwa neno. Mstari unaosema wazi kwamba Baba, Neno na Roho ni umoja ungekuwa silaha ya kwanza mkononi mwa watetezi wa Utatu. Hawakuutumia. Watu waliokuwa na haja nao kiasi hicho wasingeuacha kama wangeuona katika vitabu vyao.

Basi ulitoka wapi? Dalili zinaelekea kwa Wakristo wa Kilatini, wa Afrika Kaskazini na Hispania. Yapata mwaka 251, Sipriani, askofu wa Karthago, mji ambao magofu yake yako Tunisia ya leo, aliandika kwamba kuhusu Baba, Mwana na Roho Mtakatifu imeandikwa kuwa watatu hawa ni kitu kimoja. Wako wanaoona hapo ushahidi kwamba alikuwa na mstari mzima mbele yake. Lakini Fakundo, askofu mwingine wa Afrika wa karne ya 6, alimwelewa Sipriani kuwa anafafanua Roho, maji na damu kama alama za Utatu. Agostino naye aliwafafanua mashahidi hao watatu kwa njia hiyohiyo. Naamini Fakundo alisoma vizuri: Sipriani anatuonyesha ufafanuzi kabla haujageuka kuwa Maandiko.

Ufafanuzi wa namna hiyo ukiandikwa pembeni mwa ukurasa, mnakili anayefuata huingia mashakani. Wakati ule neno lililorukwa kwa bahati mbaya lilirekebishwa kwa kuandikwa pambizoni, palepale panapoandikwa maelezo ya msomaji. Mnakili mwangalifu, akiogopa kupoteza neno la Mungu, huliingiza ndani. Mara ya kwanza tunayakuta maneno ya mashahidi wa mbinguni yakinukuliwa kama Maandiko ni karibu mwaka 380, katika kitabu cha Kilatini kinachohusishwa na Prisiliano wa Hispania. Hapo mashahidi wa duniani wametangulia, wa mbinguni wamefuata, kinyume cha mpangilio uliozoeleka baadaye. Maneno yaliyoongezwa mara nyingi hutangatanga hivyo kabla ya kupata kikao. Kufikia Zama za Kati, Biblia nyingi za Kilatini za Ulaya zilikuwa nayo, na wasomaji wake hawakuwa na sababu ya kuyashuku.

Mambo yaligeuka mwaka 1516, Erasmo wa Rotterdam alipotoa Agano Jipya la Kigiriki mjini Basel. Aliacha mashahidi wa mbinguni kwa sababu hakuwakuta katika nakala za Kigiriki alizozitazama, na toleo la pili la mwaka 1519 likawaacha pia. Edward Lee wa Uingereza na Zúñiga wa Hispania wakamshambulia, na shutuma ya kuwaunga mkono wanaokana Utatu ilikuwa hatari kubwa siku zile. Mwaka 1521 Paulo Bombasio, rafiki yake aliyekuwa Roma, alimtazamia ile nakala kongwe ya Vatikano na kumwandikia yaliyomo. Maneno hayakuwamo.

Ndipo ikatokea nakala ya Kigiriki kutoka Uingereza yenye mstari kamili. Leo iko Chuo cha Utatu, Dublin, na wataalamu wanaiweka mwanzoni mwa karne ya 16, yaani wakati wa ugomvi wenyewe au kabla yake kidogo. Inajifichua kwa sarufi. Mahali kama hapa Kigiriki hutanguliza kijineno mbele ya kila jina, na nakala za kale zinacho mbele ya Roho, mbele ya maji na mbele ya damu. Kilatini, kama Kiswahili, hakina kijineno hicho. Katika nakala ya Dublin vijineno hivyo havipo mbele ya Baba, Neno na Roho. Mwandishi alikuwa akitafsiri kutoka Kilatini, nomino kwa nomino.

Erasmo mwenyewe alishuku kwamba nakala hiyo ilirekebishwa ifanane na Kilatini. Hata hivyo, katika toleo la tatu la mwaka 1522 aliuweka mstari, akieleza kwamba hataki mtu apate pa kumsingizia. Inasimuliwa sana kwamba alikuwa ameahidi kuuweka akionyeshwa nakala moja tu, lakini mwaka 1980 mtafiti Mholanzi Henk Jan de Jonge alionyesha kwamba ahadi hiyo haina msingi katika maandishi ya Erasmo. Alikubali kwa kulinda jina lake na kazi yake, na simlaumu.

Wachapaji waliomfuata waliuchukua mstari na kukirekebisha Kigiriki chake, hata kasoro ile ya sarufi isionekane tena. Kwa njia hiyo ukaingia katika Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 na katika tafsiri nyingine nyingi. Luther hakuutia katika tafsiri yake ya mwaka 1522. Wachapaji Wajerumani waliuongeza baada ya yeye kufa.

Roma ilikwenda polepole. Mwaka 1897 ofisi yake ya mafundisho ilisema si salama kuukana mstari huo, na mwaka 1927 ikafafanua kwamba wataalamu wako huru kuuchunguza na hata kuukataa. Mwaka 1979 lilitoka toleo jipya rasmi la Biblia ya Kilatini, lugha ileile ambamo maneno hayo yalizaliwa. Katika sura ya 5 mashahidi ni Roho, maji na damu.