Kada, sharaa na kitenzi kinachofuata

Katika nahau ya Kiarabu, kada (kukaribia) na sharaa (kuanza) ni ndugu wa kana: huacha nomino ya kwanza katika rafaa, na kuifanya habari yake iwe nasabu. Tofauti yao na kana ni kwamba habari hiyo sharti iwe sentensi ya kitenzi cha mudharii.

Chukua mfano: sharaa al-mudarrisu yashrahu, yaani mwalimu alianza kueleza. Mwanafunzi aliyezoea kusema "alianza kueleza" hutaka kuweka an katikati: an yashraha. Hapo amekosea. An huelekeza tendo kwenye wakati ujao, ilhali anayeanza kueleza tayari anaeleza. Dalili ya kosa ni fataha mwishoni mwa kitenzi, mahali pa dhuma.

Kada ina nafasi zaidi. Kada al-matwaru yanzilu, mvua ilikaribia kunyesha, ndiyo sura ya kawaida, na katika Qurani kada huja bila an. Kuiongeza kunaruhusiwa, ila ni nadra.

Aushaka, nayo ya kukaribia, hupenda an.

Anayetaka jina badala ya kitenzi aseme sharaa fi sh-sharhi. Hapo sharaa ni kitenzi kamili, kisichohitaji habari.